Kila nikieleza sura ya shangazi, jenereta ya picha inanirudishia mtu mwingine. Nakosa wapi?

#1 Nuru_W
Wakuu, salaam. Nina picha moja ya shangazi yangu, kichwa na mabega, kapigwa akiwa kando ya dirisha. Ana miaka 58. Nataka nimweke kwenye picha ya ukoo, awe amesimama mzima bustanini. Programu ninayotumia inapokea picha ya mfano na inaelewa Kiswahili. Niliipa ile picha pamoja na maelezo haya:

```
mwanamke mrembo wa Kiafrika, uso wa yai, ngozi ya kahawia
inayong'aa, nywele fupi za asili zenye mvi, tabasamu,
amesimama bustanini
```

Inanipa mama wa miaka thelathini na kitu, kidevu kimechongoka, rangi imepanda, na kichwa kizima ni cheupe kwa mvi. Ukiangalia neno kwa neno, kila nilichoandika kimo. Shangazi mwenyewe ndiye hayumo. Tatizo ni maelezo yangu, ni picha, au ni programu?

#2 Kalamu7
Maelezo yako ni mafupi mno. Ongeza maneno. Eleza nyusi, kope, pua, midomo, masikio, kila kitu mpaka kijae. Mimi huandika aya nzima na napata.

#3 Mama_Zuu
Samahani nidandie hapo hapo. Mimi nina uso wa duara na nywele zangu ni fupi. Mtindo gani utanifaa?

#4 FundiPikseli
Mama_Zuu, huu uzi ni wa kumfanya mtu abaki na sura yake ndani ya picha ya kutengenezwa. Suala la mtindo lifungulie uzi wake, utapata majibu mengi.

Nuru, nitaanza na maneno yako manne.

"Mrembo" ndilo linalokuharibia zaidi. Neno hilo limeambatana na maelfu ya picha za matangazo na mitindo, na sura za humo zinafanana: vijana, taya nyembamba, pande mbili za uso zikiwa sawa kabisa. Ukilitaja unavutwa huko. Lifute.

"Inayong'aa" nalo linaongeza mwanga juu ya ngozi, na mwanga ukiongezeka rangi inapanda. Hujaeleza ngozi hapo, umeeleza taa.

"Zenye mvi" haisemi mvi ziko wapi, kwa hiyo imezipaka kichwa kizima.

La "uso wa yai" sina hakika nalo mpaka nipate vipimo. Fungua picha kwenye programu yoyote inayoonyesha pikseli, upime upana wa paji, upana kwenye mifupa ya mashavu, na upana wa taya pale kwenye kona chini ya masikio. Kisha pima urefu kwa vipande vitatu: ukingo wa nywele hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, chini ya pua hadi kidevu. Lete namba.

Kalamu7, wingi wa maneno una ukomo. Programu za Stable Diffusion zile za mwanzo, za 2022, zilikuwa zinasoma tokeni 77 kwa mkupuo, yaani vipande 77 vya maneno. Aya yako nzima ilikuwa inakatwa, au inagawanywa vipande ambavyo nguvu yake haiko sawa.

#5 Kalamu7
Hizo ni za zamani mkuu. Za sasa zinasoma aya ndefu bila shida.

#6 FundiPikseli
Zinasoma, kweli. Ila kusoma na kushika sura ni mambo mawili. Hata ukiandika kurasa mbili, watu wengi tofauti wataendelea kulingana na maandishi yako. Polisi wanaochora sura ya mtu kwa kusimuliwa wanalijua hili. Maneno yanapunguza kundi la watu, hayakuletei mtu mmoja. Anayemleta ni ile picha ya mfano. Kazi ya maneno ni kuzuia picha isipinduliwe.

#7 Mchoraji_Mstaafu
Nakubaliana na #6 mpaka katikati. Ila mimi naona Nuru akiwa na picha asieleze uso hata kidogo. Aandike "mtu huyu huyu wa kwenye picha, amesimama bustanini" basi. Kila neno la uso analoongeza linagombana na picha. Amesema uso wa yai, programu ikatii, ikamchonga kidevu. Asingesema, kidevu kingebaki.

#8 Tabasamu_Halisi
Nimejaribu njia ya #7 kwa picha ya marehemu babu. Uso ulibaki vizuri, lakini ngozi ilipauka na makunyanzi yote yakapotea. Programu ikiachwa bila maneno inajaza kwa mazoea yake, na mazoea yake ni ujana na weupe. Kwa hiyo kunyamaza nako kuna gharama.

#9 Nuru_W
Vipimo hivi hapa. Paji 425. Mashavu 480. Taya 445. Urefu: nywele hadi nyusi 255, nyusi hadi chini ya pua 200, chini ya pua hadi kidevu 200. Jumla 655.

#10 Kalamu7
655 kugawa kwa 480 ni kama 1.36. Huo ni uso wa yai, Nuru hukukosea.

#11 FundiPikseli
Hesabu ni sahihi, ila tazama kipande cha juu. 255 dhidi ya 200 na 200. Nuru, je, shangazi alikuwa anasuka kwa kukaza, nywele za mbele zikarudi nyuma?

#12 Nuru_W
Ndiyo! Za mbele na za kwenye mapanja zimerudi sana.

#13 FundiPikseli
Basi urefu umeongezwa na ukingo wa nywele, si mifupa. Vipande vitatu vingekuwa sawa, uso ungekuwa 600 kwa 480, yaani 1.25. Huo ni uso mfupi na mpana. Tena taya ni 445 kwa mashavu 480, karibu upana mmoja. Uso wa yai huwa unapungua ukishuka kuelekea kidevuni, wa shangazi haupungui. Ulipoandika yai uliiambia programu ikate taya, nayo ikakata.

Ndiyo maana siyapendi haya majina ya maumbo, yai, moyo, almasi. Kila jina linabeba uamuzi juu ya taya ambao hukuufanya wewe. Andika unachokiona: taya pana karibu sawa na mashavu, kidevu butu, paji refu kwa sababu nywele zimerudi nyuma. Hapo hata programu isiyojua jina lolote la umbo itakuelewa.

#14 KijanaWaKamera
Kabla hamjaendelea, picha ilipigwa kwa umbali gani? Simu ikiwa karibu na uso, urefu wa mkono tu, pua inakua na masikio yanarudi nyuma, uso unaonekana mwembamba kuliko ulivyo. Vipimo vyenu vyote vinaweza kuwa vya lenzi, si vya shangazi. Picha ya mita moja na nusu au mbili ndiyo ya kupimia.

#15 Nuru_W
Alipigwa na binamu kwa simu, alikuwa ng'ambo ya meza. Masikio yote yanaonekana.

#16 KijanaWaKamera
Hapo inavumilika. Ila hakikisha si picha iliyopigwa kwa kamera ya mbele ikageuzwa kama kioo. Kama ana alama upande mmoja, muulize iko upande gani kweli.

#17 Nuru_W
Ana kidoti chini ya jicho la kulia, na kope ya jicho la kushoto imelala kidogo. Na ana mwanya. Kwenye picha za jenereta kidoti kinahamahama, kope zimenyooka zote mbili.

#18 FundiPikseli
Kope hiyo usiiache. Programu hizi hupenda uso uliosawazika pande zote mbili, na kwa watu wazima utofauti wa pande mbili ndio unaowatambulisha. Kuhusu upande, usiandike "jicho la kulia", maana haijulikani ni kulia kwake au kwa mtazamaji. Andika "upande wa kushoto wa picha".

#19 RangiZote
Mmesahau rangi, na yeye amelalamikia rangi. Mimi nachukua rangi ya ngozi kwa kidonoo cha rangi kwenye picha, naandika kodi yake kwenye maelezo, kwa mfano `#8A5A3C`. Hakuna kubahatisha.

#20 Mchoraji_Mstaafu
Unadonoa wapi? Mtu amekaa kando ya dirisha. Shavu la upande wa dirisha ni rangi moja, shingo upande wa kivuli ni nyingine kabisa. Ukidonoa shavuni unaandika rangi ya dirisha. Nimechora sura za watu miaka mingi, na ngozi moja huwa na rangi tatu au nne ndani ya picha moja.

#21 RangiZote
Basi donoa sehemu tatu, upate ya katikati.

#22 Tabasamu_Halisi
Au utumie ngazi ya Fitzpatrick. Ina rangi sita za ngozi, unaandika tu aina ya tano au ya sita.

#23 FundiPikseli
Fitzpatrick haikutengenezwa kwa ajili ya rangi. Ilianzishwa 1975 kuonyesha ngozi inavyopokea jua, kama inaungua au inakolea, tena ilianza na aina nne za watu weupe, ya tano na ya sita zikaongezwa baadaye. Ndiyo maana watu weusi wote wamebanwa kwenye aina mbili za mwisho. Ukitaka ngazi ya rangi yenyewe kuna ya Monk, iliyotolewa 2022, ina rangi kumi na upande wa weusi una nafasi ya kutosha. Ila itumie kulinganishia kwa jicho lako. Ukiiandika kwenye maelezo kama namba, programu nyingi hazitajua zifanye nini nayo. Kodi ya rangi vilevile: baadhi zinaikadiria, nyingine zinaipaka kwenye nguo au ukutani.

Ninavyofanya mimi ni kutenganisha ngozi na mwanga. Sentensi moja ya ngozi, nyingine ya mwanga. Kwanza angalia weupe wa jicho kwenye picha. Ukiwa umeelekea bluu, picha nzima imepoa. Ukiwa na unjano, taa imeipasha. Rekebisha picha mpaka weupe wa jicho utulie, halafu ndipo utazame ngozi sehemu isiyo na mng'ao wala kivuli kizito, kwa mfano ubavu wa paji. Useme kina chake na inaelekea wapi, kwenye wekundu au unjano.

#24 Nuru_W
Weupe wa jicho ulikuwa bluu bluu kweli. Nimerekebisha. Sisi nyumbani tunasema shangazi ni maji ya kunde, lakini baada ya kurekebisha naona ni kahawia iliyokolea yenye wekundu, na chini ya macho pamekolea zaidi.

#25 Tabasamu_Halisi
Andika na hapo chini ya macho. Kwa babu yangu hicho ndicho kilichorudisha umri. Niliposema tu "mzee wa miaka 80" walimwongezea makunyanzi ya kila mahali, hata yasiyo yake.

#26 Kalamu7
Nywele je? Mimi ningeandika aina ya 4C, imalize mchezo.

#27 Bi_Kitana
4C inasema unywele umejikunjaje, na hapo imesaidia. Haisemi urefu, wala wingi, wala nywele zinaanzia wapi. Watu wawili wenye 4C wanaweza wasifanane hata kidogo. Nasuka watu, na naona kwenye picha hizi mnazoleta kosa liko kwenye ukingo. Programu inachora ukingo wa nywele mnyoofu uliojaa, kama kofia. Shangazi wa Nuru nywele zimerudi kwenye mapanja, na ukimrudishia ukingo uliojaa umempunguzia miaka ishirini.

Halafu jihadharini na majina ya mitindo. Ukitaja mtindo wa misuko kwa jina lake, unaletewa na sura ya msichana wa kwenye mabango ya saluni. Bora useme zilivyo: nywele za kipilipili, fupi za urefu wa kucha, zisizo na mng'ao, zimepungua kwenye mapanja, mvi kwenye mapanja tu, utosini nyeusi.

#28 Mama_Zuu
Bi_Kitana, nakuja kukutafuta kwenye uzi wangu 😊

#29 Nuru_W
Asanteni. Nimeunganisha yote:

```
mtu huyu huyu wa kwenye picha, miaka 58. Taya pana karibu
sawa na mashavu, kidevu butu. Ngozi kahawia iliyokolea yenye
wekundu, imekolea zaidi chini ya macho. Nywele za kipilipili
fupi sana, zimerudi nyuma kwenye mapanja, mvi kwenye mapanja
tu. Kope ya upande wa kulia wa picha imelala kidogo.
Amesimama bustanini, mwili mzima. Mwanga laini wa mawingu.
```

Rangi imekaa. Nywele zimekaa, Bi_Kitana ubarikiwe. Mwili ni wake kabisa. Lakini uso bado una ukungu, kope haionekani kulala, kidoti hakipo.

#30 FundiPikseli
Sasa umefika pasipohusu maneno. Picha yako ya matokeo ina ukubwa gani?

#31 Nuru_W
1024 kwa 1024.

#32 FundiPikseli
Mtu aliyesimama mzima, kichwa ni kama sehemu moja ya nane ya urefu wake. Tuseme amejaza picha juu hadi chini: kichwa kina pikseli 128. Stable Diffusion na nyingi za ukoo wake hazichori pikseli moja moja, zinachora kwenye picha iliyobanwa mara nane kila upande. 128 kugawa kwa nane ni 16. Kichwa cha shangazi kimechorwa ndani ya miraba 16 kwa urefu, na jicho lake ni kama miraba miwili tu kwa upana. Kope iliyolala haina mahali pa kukaa. Hata uandike shairi.

Fanya hatua mbili. Tengeneza picha ya mwili mzima kwanza. Kisha chagua eneo la uso tu, likuze, liombe lichorwe upya kwa ukubwa kamili ukitumia picha ya mfano ile ile, na maelezo ya uso pekee, bustani iondoe. Kama programu yako ina kipimo cha nguvu ya mabadiliko, anza hapa:

```
denoising strength: 0.4
```

Chini ya 0.3 ukungu unabaki. Ukipita 0.6 anaanza kuja mtu mwingine.

#33 Mchoraji_Mstaafu
Na kila unaporudia, rudi kwenye picha ya shangazi ya mwanzo. Usichukue tokeo la kwanza ukalifanya mfano wa tokeo la pili. Kila mzunguko unahama kidogo, na wewe unayetazama unazoea bila kujua. Baada ya mizunguko michache uko mbali.

#34 RangiZote
Na usibadili vitu viwili kwa wakati mmoja. Funga `seed`, ile namba ya bahati nasibu inayoanzisha picha, isibadilike, ubadili neno moja, ulinganishe. Bila hivyo hujui kama ni neno lililosaidia au ni bahati.

#35 Kalamu7
Swali kwa Fundi. Kama ukubwa ndio tatizo, mbona mwanzoni alipata mama wa miaka thelathini mwenye uso mkavu unaoonekana vizuri? Huo haukuwa na ukungu.

#36 FundiPikseli
Swali zuri. Nafikiri uso wa kawaida unachoreka kwenye miraba michache kwa sababu programu imeuona mara nyingi, inajua kuukisia. Uso wenye upekee hauna mkato wa namna hiyo. Ila hilo ni wazo langu, sijalipima.

#37 Mchoraji_Mstaafu
Mimi nasema ni mwanga. Mfano una mwanga wa dirisha unaotoka upande mmoja, bustani ina mwanga wa mawingu unaotoka kila upande. Kivuli kilichokuwa kinaonyesha kope imelala kimeondoka. Mwekee jua la ubavuni utaona kope inarudi.

#38 Nuru_W
Nimefanya hatua mbili za #32. Kidoti kimerudi. Mwanya umerudi. Nimeweka picha ya mfano juu ya tokeo kwa nusu uwazi, mboni juu ya mboni, na taya zinafuatana, ila kidevu kimezidi kushuka kidogo. Nikawatumia watu. Majirani wawili waliomwona shangazi mara chache wamesema ni yeye kabisa. Binti yake amesema nywele ni za mama, macho si ya mama.

#39 Tabasamu_Halisi
Hiyo inaeleweka. Asiyemjua mtu vizuri hushika nywele na umbo la nje la uso. Anayeishi naye hushika macho, pua na mdomo. Majirani umewapitisha, mtihani ni binti.

#40 KijanaWaKamera
Kulinganisha kwa kuweka juu kunafaa tu kama vichwa vimeelekea sehemu moja. Kwenye mfano alitazama kamera moja kwa moja au alishusha kidevu? Akiwa alishusha kidogo, hicho kidevu kilichozidi ni mkao tu, si kosa.

#41 Nuru_W
Alishusha kidogo, alikuwa amekaa.

#42 KijanaWaKamera
Basi usiguse kidevu. Tafuta picha ya pili alipotazama mbele, hata kama ni ya zamani, uipe programu zote mbili kama inaruhusu.

#43 FundiPikseli
Picha ya zamani itamrudishia ujana na nywele za mbele, angalia hilo. Mimi ningechora upya eneo la macho peke yake kwa 0.35, na maelezo ya kope tu.

#44 Mchoraji_Mstaafu
Kabla ya hayo, jua la ubavuni. Jaribu kwa `seed` ile ile, umpe binti zote tatu bila kumwambia ipi ni ipi.

#45 Nuru_W
Naanza na ya Mchoraji, halafu ya Fundi. Binti yake yuko kazini mpaka jioni, nitaleta alichochagua.